Bektesti ya brekauti inapanda kama ngazi? Tafuta tatizo kabla hujaweka hela

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana skripti ya bektesti, yaani ya kujaribu mkakati kwenye bei za nyuma, ameshavuta data ya mishumaa kutoka soko la kripto, amebonyeza ran, na sasa anaangalia matokeo ambayo ama ni mazuri mno ama hayaeleweki. Nitatumia mfano mmoja tu mwanzo mpaka mwisho ili tusipotezane: BTCUSDT ya Binance, mishumaa ya masaa manne, chaneli ya Donchian. Sheria zenyewe ni hizi, mshumaa ukifunga juu ya kilele cha mishumaa 20 iliyotangulia unanunua, ukifunga chini ya bonde la mishumaa 10 iliyotangulia unatoka. Hakuna kushoti, hakuna mkopo.

Nimeichagua hii kwa sababu ni rahisi sana, mistari michache ya pandas inatosha, na bado ina sehemu zote ambazo watu wanakosea. Mimi mwenyewe niliwahi kuiweka boti hewani kwa hela halisi baada ya bektesti tamu, na ndani ya wiki kadhaa nikaona tredi za boti hazifanani kabisa na zile za kwenye karatasi. Kosa lilikuwa neno moja kwenye msimbo, na toka siku hiyo huwa sisomi faida ya bektesti yoyote kabla sijauliza swali moja kwa kila namba iliyomo: saa ile ninabonyeza kununua, namba hii ilikuwa imeshakuwepo duniani?

Tuanze na dalili. Fuata mpangilio huu huu, kwanza kuchungulia kesho, yaani msimbo kutumia namba ambazo bado hazikuwepo, halafu ndo kukariri data, yaani kuchagua parameta zilizobahatika tu kwenye data ya nyuma, usigeuze. Ukianza kutafuta parameta bora wakati msimbo bado unavuja, utafutaji wenyewe utakupeleka moja kwa moja kwenye ule uvujaji maana ndipo faida ilipo, na utakuwa unaboresha kosa.

Dalili: mstari wa mtaji unapanda moja kwa moja, hasara ni chache na ndogo

Brekauti ya kawaida haina sura hiyo. Mfumo wa kufuata mwelekeo hushinda tredi chache, mara nyingi chini ya nusu, na faida inatoka kwenye tredi kubwa kadhaa, katikati kuna miezi mirefu ya kuchubuliwa kidogo kidogo bei inapovunja kilele halafu inarudi ndani. Kwa hiyo ukiona unashinda tredi saba au nane kati ya kumi na hakuna miezi mibaya, usishangilie, angalia mstari unaozidisha ishara na faida ya mshumaa.

Chanzo ninachokiona mara nyingi kuliko vyote ni hiki hapa:

```python
ret = df["close"].pct_change()
pnl = sig * ret
```

Soma polepole. `ret` ya mshumaa ni mwendo kutoka kufunga kwa mshumaa uliopita mpaka kufunga kwa huu. `sig` ya mshumaa huo huo inajulikana pale tu unapofunga. Ukizidisha viwili hivi unajilipa mwendo ambao ulishaisha kabla hujajua kwamba kuna ishara, na kwenye brekauti hilo ni baya kuliko kwenye mikakati mingine, kwa sababu mshumaa unaovunja kilele kwa kawaida ni mshumaa mkubwa wa kijani, yaani unajizawadia mshumaa bora kuliko yote kila mara.

Tuchukue namba za mfano. Kilele cha mishumaa 20 iliyopita ni 60,000. Mshumaa unaofuata unafungua 59,700, unapanda mpaka 60,900, unafunga 60,450. Ishara imetokea, ila imetokea kwenye kufunga. Msimbo mbovu unahesabu kama ulinunua 59,700 ukiwa unajua tayari kwamba bei itavunja. Uhalisia ni kwamba unanunua mshumaa ufuatao unapofungua, tuseme 60,460. Tofauti ni dola 760, kama asilimia 1.3 ya bei, kwa tredi moja. Ukiwa na tredi mia kwenye kipindi chako umejipa zaidi ya asilimia mia ya faida ambayo haikuwahi kuwepo, na ndo maana mkakati unaopoteza hela kila siku unaweza kuonekana mashine.

Dawa yake:

```python
hh = df["high"].rolling(20).max().shift(1)
ll = df["low"].rolling(10).min().shift(1)
sig = pd.Series(float("nan"), index=df.index)
sig[df["close"] > hh] = 1
sig[df["close"] < ll] = 0
sig = sig.ffill().fillna(0)
pos = sig.shift(1).fillna(0)
pnl = pos * df["close"].pct_change()
```

Kuna `shift(1)` mbili za aina tofauti hapo na watu wanazichanganya. Ya kwanza, kwenye `hh` na `ll`, inasema kilele kinahesabiwa kwa mishumaa iliyotangulia tu bila huu wa sasa. Ya pili, kwenye `pos`, inasema ishara ya kufunga huku inakuwa nafasi yangu kuanzia mshumaa unaofuata. Moja haifanyi kazi ya nyingine. Na alama ni muhimu, `shift(1)` inaleta jana mbele, `shift(-1)` inaleta kesho nyuma, kwa hiyo tafuta `shift(-` kwenye faili lako zima na kila utakapoipata jiulize inafanya nini pale.

Dalili: umerekebisha, sasa tredi ni sifuri

Hii ni ya haraka. Umesahau ile `shift(1)` ya kwanza. `rolling(20).max()` inajumuisha mshumaa wa sasa, na kufunga kwa mshumaa hakuwezi kamwe kuwa juu ya kilele chake mwenyewe. Kwenye mfano wetu kilele kingekuwa 60,900 na kufunga ni 60,450, sharti halitimii leo wala milele. Hatari iko kwenye namna watu wanavyotibu, kwa sababu ukiona sifuri unaanza kulegeza sharti, unaweka `high` badala ya `close`, unabadilisha bei ya kuingia, mpaka tredi zitokee, na hapo katikati ndo uvujaji unaingia bila mtu kuuona. Rudisha `shift(1)` tu, usiguse kingine.

Dalili: umeongeza kichujio cha siku na faida imeruka

Wengi wanaongeza sheria kama "nunua tu kama bei ya siku iko juu ya wastani wa siku 50". Wazo ni zuri. Tatizo ni jinsi ya kuishusha data ya siku mpaka kwenye mishumaa ya masaa manne. Angalia:

```python
d = df["close"].resample("1D").last()
juu = (d > d.rolling(50).mean()).astype(float)
mbovu = juu.reindex(df.index, method="ffill")
sahihi = juu.shift(1).reindex(df.index, method="ffill")
```

Pandas inaipa siku lebo ya mwanzo wake, saa 00:00 ya UTC, wakati thamani iliyomo ni ya mwisho wa siku. Kwa hiyo kwenye ule mstari `mbovu` mshumaa wa kwanza wa siku unapewa jibu la kufunga kwa siku hiyo hiyo ambayo bado haijaisha.

Kwa saa zetu za Afrika Mashariki inaeleweka vizuri zaidi. Siku ya Binance inaanza 00:00 UTC, yaani saa tisa usiku huku. Mshumaa wa kwanza wa masaa manne unafunga saa moja asubuhi. Msimbo mbovu, ukiwa umekaa saa moja asubuhi ya Jumanne, tayari unajua bei ya saa tisa usiku wa kuamkia Jumatano, masaa 20 mbele. Mshumaa wa pili unajua masaa 16 mbele, na kuendelea hivyo mpaka ule wa mwisho wa siku ambao haujui kitu cha ziada. Ukiweka `shift(1)` kwenye data ya siku kabla ya kuishusha, siku nzima ya Jumanne unatumia jibu la Jumatatu, na hivyo ndivyo ungekuwa umekaa kweli mbele ya skrini.

Ukiwa hapo hapo hakikisha hujabadilisha saa kwenda saa za Nairobi au Dar kabla ya `resample`. Haitavuja, na kwa mishumaa ya masaa manne siku zinabaki zile zile, ila kwa mishumaa ya lisaa siku yako itaanza saa sita usiku wa huku, haitafanana na mshumaa wa siku unaouona kwenye chati ya soko, na utapoteza jioni nzima kutafuta kwa nini kilele chako cha jana sio kile cha kwenye skrini.

Dalili: kila ukiran leo unapata ishara tofauti na ya lisaa limoja lililopita

Mshumaa wa mwisho haujafunga. Ukiita `/api/v3/klines` soko linakurudishia pia mshumaa unaoendelea, na `close` yake ni bei ya sasa hivi tu. Kila safu ina muda wa kufungua mwanzoni na muda wa kufunga kwenye nafasi ya saba, kwa milisekunde, kwa hiyo tupa safu yoyote ambayo muda wake wa kufunga bado haujapita. Kwenye bektesti ni mshumaa mmoja tu, haubadilishi kitu kikubwa, lakini kwenye boti huo mmoja ndo unaofanya maamuzi.

Na kwa kuwa tuko kwenye data: kila wito unarudisha mishumaa isiyozidi 1000, ambayo kwa masaa manne ni kama siku 166, kwa hiyo miaka kadhaa inamaanisha vipande vingi vya kuunganisha. Kwenye viungo ndipo safu zinajirudia au zinaruka. Panga kwa muda wa kufungua, futa zinazojirudia, halafu angalia tofauti kati ya safu na safu kama zote ni masaa manne. Pakiwa na pengo, mfano soko lilisimama kwa matengenezo, `rolling(20)` inahesabu safu 20 na sio masaa 80, kilele chako kitakuwa kinaangalia mbali kuliko unavyodhani. Na kama unachukua mafaili ya spoti ya data.binance.vision badala ya API, jua kwamba kuanzia Januari 2025 muda ndani ya mafaili hayo uko kwa maikrosekunde, ukisoma kama milisekunde utapata miaka ya ajabu.

Kipimo kimoja kinachokamata karibu uvujaji wote wa ishara

Kama hujui uvujaji uko wapi, usisome msimbo kwa macho mpaka uchoke, kata data. Wazo ni kwamba ishara ya Jumanne saa moja asubuhi lazima iwe ile ile iwe una data ya mpaka leo au data inayoishia Jumanne saa moja asubuhi. Ikibadilika basi kuna kitu cha baadaye kilikuwa kinaichangia. Weka hesabu zako zote, pamoja na ule mstari wa siku, ndani ya funksheni moja inayopokea mishumaa ghafi na kurudisha `sig`, halafu:

```python
nzima = ishara(df)
for t in df.index[500::97]:
    fupi = ishara(df.loc[:t])
    if fupi.iloc[-1] != nzima.loc[t]:
        print("inavuja:", t)
```

Ile 97 sijaiweka kwa bahati. Siku ina mishumaa sita ya masaa manne, na 97 ni sita mara 16 na moja juu, kwa hiyo kila hatua inadondokea saa tofauti ya siku kwa zamu. Ungeweka 96 ungepima saa ile ile kila mara, na kama saa hiyo ingekuwa mshumaa wa mwisho wa siku, uvujaji wa kichujio cha siku usingeonekana kabisa maana pale siku imeshakamilika, ungepewa cheti cha afya na ugonjwa uko ndani.

Kipimo hiki kina mpaka wake na ni lazima uujue: kinapima ishara, hakipimi bei uliyoingilia. Ukiwa na `sig` safi kabisa halafu ukazidisha na mshumaa wake mwenyewe kama kule juu, kitakaa kimya. Kwa hilo tumia kipimo cha pili, chelewesha kuingia kwa mshumaa mmoja zaidi, yaani `sig.shift(2)` badala ya `shift(1)`. Mkakati unaoshika mienendo ya siku kadhaa au wiki unatakiwa upungue kidogo ukicheleweshwa masaa manne. Ukiporomoka wote kutoka faida kubwa mpaka hasara, basi faida yote ilikuwa imekaa kwenye mshumaa mmoja wa kuingilia, na mara nyingi sana huo ndo mshumaa uliochunguliwa.

Dalili: unatumia oda ya stopu juu ya kilele, na stoplosi ya karibu, na inashinda mno

Kuna watu hawasubiri kufunga, wanaweka oda ya kununua pale pale 60,000 bei ikigusa tu. Ni halali, oda kama hiyo ipo kweli sokoni. Ila mshumaa una namba nne tu, haukuambii zilifuatana vipi. Turudi kwenye mfano, tuseme safari hii chini ya mshumaa ilikuwa 59,300 na stoplosi yako iko 59,400. Je bei ilishuka kwanza 59,300 halafu ikapanda kukuingiza 60,000, ukabaki salama? Au ilikuingiza 60,000 kwanza, ikashuka ikakutoa 59,400, halafu ikapanda bila wewe? Mshumaa ule ule, matokeo mawili yanayopingana, na maktaba nyingi zinachagua moja bila kukuambia.

Hesabu kwanza ni tredi ngapi zina utata huo, yaani kuingia na kutoka ndani ya mshumaa mmoja. Zikiwa chache, zihesabu zote kama hasara na uendelee. Zikiwa nyingi, shuka kwenye mishumaa ya dakika moja kwa hiyo mishumaa yenye utata tu, Binance wanayo. Ukitumia dhana mbaya kabisa na faida ikafa, huwezi kusema una mkakati, una dhana kuhusu mpangilio wa bei ndani ya masaa manne.

Ada nazo ziweke sasa hivi kabla hujaenda kwenye parameta. Spoti ya Binance kwa mteja wa kawaida ni asilimia 0.1 kila upande, kwa hiyo 0.2 kuingia na kutoka, na kwa brekauti ongeza kidogo kwa ajili ya bei kuteleza kwa sababu unanunua wakati kila mtu ananunua. Mimi naweka 0.3 jumla kwa BTC. Ukiwa na tredi 100 kwa mwaka hiyo ni kama asilimia 30 ya mtaji. Chaneli fupi zinakufa hapa hapa, na ni bora zife sasa kuliko zikushawishi baadae.

Dalili: kilele cha mishumaa 37 kinalipa vizuri, 35 na 40 zinapoteza

Sasa tuko kwenye kukariri. Msimbo hauvuji tena ila wewe ndo umeanza kuvuja, kwa sababu umejaribu namba nyingi na kuchagua iliyopata. Mwanafunzi aliyekariri majibu ya mtihani wa mwaka jana anapata mia kwa mia kwenye mtihani wa mwaka jana.

Hakuna kitu sokoni kinachofanyika kwenye mshumaa wa 37 ambacho hakifanyiki kwenye wa 36. Mara nyingi ukifungua orodha ya tredi unakuta 37 ilifanikiwa kuingia kwenye mwendo mmoja mkubwa kwa mshumaa mmoja tofauti, au ilikwepa hasara mbili, basi. Kwa hiyo chora jedwali, kilele cha kuingia kutoka 10 mpaka 100 kwa hatua ya tano, bonde la kutokea kutoka 5 mpaka 50, paka rangi, angalia umbo. Unachotafuta ni uwanda mpana ambao majirani wote wanalipa kwa kiasi kinachofanana, na unachagua katikati ya uwanda hata kama sio namba ya juu kabisa. Kilima chenye ncha moja kimezungukwa na hasara unakiacha.

Halafu toa tredi tatu bora uone kinachobaki. Kwa mkakati wa kufuata mwelekeo faida itapungua sana na hilo ni kawaida, ila ukikuta tredi zote tatu ni za kati ya mwezi wa kumi 2020 na mwanzo wa 2021, pale BTC ilipotoka karibu na 10,000 ikapita 40,000, basi hujapima brekauti, umepima kwamba ulikuwa umeshika BTC wakati inapanda. Linganisha na mtu aliyenunua akakaa tu, kipindi kile kile, na uangalie 2022 peke yake, mwaka ambao bei ilitoka zaidi ya 45,000 ikaishia kwenye 16,000 na kitu. Brekauti ya kununua tu haihitaji kupata faida mwaka huo, inatakiwa ikae nje muda mwingi na isichubuke sana.

Dalili: kwenye data ya mazoezi inalipa, kwenye data ya majaribio inakufa, na ukirekebisha inafufuka

Hiyo sentensi ya mwisho ndo ugonjwa. Mara ya kwanza ukiangalia data ya majaribio ni kipimo. Ukirudi kubadilisha sheria halafu ukaangalia tena, imekuwa data ya mazoezi, hata kama hukuibadilishia jina. Watu wanafanya hivi mara ishirini na kila mara wanaamini wamethibitisha.

Njia ninayoifanya mimi ni ya kusogea mbele kwa hatua. Chukua Januari 2018 mpaka Desemba 2019, chagua parameta humo kwa sheria ambayo umeiandika kabla, kama vile "katikati ya uwanda mpana zaidi". Zitumie Januari mpaka Juni 2020 bila kugusa kitu, andika matokeo. Sogea miezi sita, chagua upya kwa miaka miwili iliyopita, jaribu miezi sita ifuatayo. Ukifika Desemba 2024 una vipande kumi vya majaribio, vibandike viwe mstari mmoja wa miaka mitano, na huo ndo mstari wa kuuamini kidogo. Kuanzia Januari 2025 unaifungia kabatini, unaiangalia mara moja tu mwishoni.

Mambo mawili madogo yanayosumbua hapa. Kipande cha majaribio kinahitaji mishumaa ya kabla yake ili kilele kipate kuhesabika, chukua kutoka kipande cha nyuma, huko sio kuvuja kwa sababu ni data ya zamani kweli. Na tredi iliyo wazi mpakani usiifunge kwa nguvu bila ada, amua mapema kama inaendelea au inafungwa na kulipiwa, maana kwa brekauti tredi moja iliyokatwa mpakani inaweza kuwa ndo ile kubwa.

Kuangalia parameta kwenye vipande kumi kunafundisha kuliko faida yenyewe. Zikiwa 25, 30, 25, 35 mfumo umetulia. Zikiruka 15, 90, 20, 75 kila miezi sita, uchaguzi wako unafuata kelele, hata kama jumla imetoka chanya.

Kama bado una wasiwasi, na mimi huwa nao, changanya. Chukua umbo la kila mshumaa kama asilimia ya kufunga kwa uliopita, changanya mpangilio wake kama karata, jenga chati mpya, halafu endesha utafutaji wote wa parameta upya juu ya chati hiyo na uchukue iliyo bora. Rudia mara 200. Chati hizi zote zinaanzia na kuishia bei ile ile kama ya kweli, kupanda kwa BTC kumebaki, kilichokufa ni mfuatano ambao brekauti inautegemea. Ikiwa bora yako ya kweli imekaa katikati ya bora 200 za kuchanganywa basi jedwali lako la parameta lilikuwa linaokota bahati. Kosa la kawaida ni kupima parameta moja iliyoshinda badala ya kurudia utafutaji mzima, hapo unajipendelea mwenyewe.

Dalili: kwa BTC ni wastani, kwa kapu la koini 30 ni dhahabu

Uliza hizo 30 umezichagua lini. Ukichukua koini kubwa za leo na kuzirudisha mpaka 2020, umechagua washindi ukiwa unawajua, ni kuchungulia kesho kwa mlango mwingine na kile kipimo cha kukata data hakitauona maana uvujaji uko kwenye orodha, sio kwenye safu. LUNA iliporomoka Mei 2022, FTT Novemba 2022, na kabla ya hapo zote mbili zilikuwa kwenye orodha za juu ambazo mtu yeyote angezichukua. Orodha ya kila robo mwaka ijenge kwa ujazo wa miamala wa robo iliyopita, na uwe na data ya koini zilizoondolewa pia. Kama huna, baki na BTC na ETH na useme wazi kwamba ndizo ulizopima.

Dalili ya mwisho: boti hewani hailingani na bektesti

Endesha boti bila hela, au kwa kiasi kidogo kabisa, kwa miezi miwili hivi, iandike kila ishara na muda wake wa UTC. Halafu vuta mishumaa ya miezi hiyo hiyo, endesha bektesti, weka orodha mbili pembeni kwa pembeni, tredi kwa tredi. Usilinganishe faida, linganisha muda. Boti ikiwa imeingia mshumaa mmoja baada ya bektesti kila mara, rudi kwenye `pos`, bektesti inachungulia. Ikiwa boti ina ishara ambazo bektesti haina, boti inasoma mshumaa ambao haujafunga. Muda ukilingana na bei tu ndo inatofautiana, hapo ni kuteleza, pima wastani wake na uurudishe kwenye ile 0.3 yako, halafu endesha tena vile vipande kumi kwa namba mpya.